Ukipata 3.8, usiifute: nambari inayokuonyesha chumvi yako ilikosewa wapi

Ilikuwa Alhamisi mchana, kidato cha tatu, maabara ya kemia. Mimi na mwenzangu wa meza tulikuwa tumepasha moto kopa salfeti ya buluu kwa dakika kumi. Tukapima, tukapiga hesabu, na kalkuleta ikatupa 3.8. Darasa zima lilijua jibu ni 5. Kitabu kinasema hivyo, na hata lebo ya chupa ilikuwa imeandikwa CuSO4·5H2O.

Mwenzangu akashika ufutio. "Si tubadilishe tu hii 26.05 iwe 25.90 na tusonge?" Nikaangalia huku na kule, nikatikisa kichwa kwamba sawa. Kumbe mwalimu alikuwa amesimama nyuma yetu.

"Vijana, hiyo 3.8 haijakosea," akasema. "Inawaambia hamjamaliza kazi. Rudisheni kikombe motoni."

Siku hiyo nilidhani anatutania. Baadaye ndipo nilielewa kwamba katika jaribio hili jibu lisilo sahihi huwa na habari ndani yake. Ukilifuta ili lifanane na la kitabu, unafuta pia maelezo ya kilichoharibika. Basi tuchukue kopa salfeti hiyo hiyo, tufuate hesabu yake hadi mwisho, kisha tuone kila kosa linaivuta nambari upande gani.

Maji yaliyojificha kwenye kitu kikavu

Ukishika fuwele za kopa salfeti, yaani vile vipande vya buluu vinavyong'aa, vidole havilowi. Ni kavu kabisa. Lakini zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni maji. Maji hayo hayamo kama matone. Kila molekuli ya maji ina nafasi yake maalum ndani ya fuwele, na idadi yake ni ile ile kwa kila CuSO4 moja. Idadi hiyo ndiyo tunaiita x tukiandika CuSO4·xH2O, na kazi yetu ni kuitafuta.

Njia yenyewe ni rahisi. Unapima chumvi ikiwa na maji, unaipasha moto mpaka maji yote yaondoke, kisha unapima kilichobaki. Uzito uliopotea ni wa maji na uliobaki ni wa chumvi isiyo na maji. Unageuza kila uzito kuwa moli, unagawanya moli za maji kwa moli za chumvi, na unapata x.

Hebu sasa irudie sentensi hiyo polepole: uzito uliopotea ni wa maji. Hapo tumedai mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, kwamba maji yote yameondoka. La pili, kwamba ni maji tu yaliyoondoka, hakuna kingine. Jaribio lote limesimama juu ya madai hayo mawili, na karibu kila kosa utakalofanya kwenye meza ya maabara huwa limevunja mojawapo.

Hesabu ikienda sawa

Chukua kikombe kidogo cha kauri pamoja na kifuniko chake. Kwanza kipashe moto kikiwa kitupu, ukiache kipoe, halafu ndipo ukipime. Wengi huruka hatua hii. Kikombe kikiwa na unyevu kidogo, unyevu huo utaondoka baadaye ukiwa tayari umeingia kwenye hesabu, na utahesabika kama maji ya chumvi.

Tuseme kikombe kitupu na kifuniko vina uzito wa gramu 24.30. Ukitia fuwele ulizosagasaga kidogo, mizani inasoma 26.80. Kwa hiyo chumvi ya buluu ni gramu 2.50.

Anza kupasha moto kwa mwali mdogo, kifuniko kikiwa kimeegeshwa ili mvuke upate pa kutokea. Rangi ya buluu inaanza kupauka, na mwishowe unabaki na unga mweupe. Zima moto, acha kikombe kipoe, kisha pima. Rudisha motoni kwa dakika chache, poza, pima tena. Masomo yako yanaweza kuwa hivi:

Baada ya mara ya kwanza: 26.05
Baada ya mara ya pili: 25.92
Baada ya mara ya tatu: 25.90
Baada ya mara ya nne: 25.90

Masomo mawili ya mwisho yamelingana. Hii ndiyo alama kwamba maji yamekwisha. Usitegemee saa wala rangi peke yake. Mizani iliyoacha kushuka ndiyo inayokupa ruhusa ya kuacha.

Sasa piga hesabu. Kilichopotea ni 26.80 kutoa 25.90, yaani gramu 0.90 za maji. Kilichobaki ni 25.90 kutoa 24.30, yaani gramu 1.60 za chumvi nyeupe. Moli moja ya maji ina gramu 18, na moli moja ya CuSO4 ina gramu 159.5. Basi moli za maji ni 0.90 ÷ 18 = 0.0500, na moli za chumvi ni 1.60 ÷ 159.5 = 0.01003. Gawanya ya kwanza kwa ya pili: 4.98. Hiyo ni 5 bila ubishi, na fomula ni CuSO4·5H2O.

Nambari ikiwa ndogo: kuna maji yamebaki

Turudi kwenye aibu yetu ya Alhamisi. Mimi na mwenzangu tulisimama kwenye somo la kwanza, 26.05. Kwa somo hilo kilichopotea ni gramu 0.75 na kilichobaki ni 1.75. Moli za maji zinakuwa 0.0417, za chumvi 0.01097, na x inatoka 3.80.

Angalia kiasi cha maji yaliyotuponyoka: gramu 0.15 tu. Mbona jibu likaanguka kutoka 5 hadi 3.8? Kwa sababu maji yaliyobaki kwenye kikombe yanakuharibia mara mbili. Yamekosekana kwenye hesabu ya maji, na papo hapo yamehesabiwa kama chumvi. Juu pamepungua na chini pameongezeka, hivyo kosa dogo linazaa matokeo makubwa.

Tena maji haya hayaondoki kwa urahisi sawa. Kopa salfeti huyaachia kwa awamu. Molekuli mbili za kwanza hutoka joto likifika kama nyuzi 63 za Selsiasi, mbili nyingine karibu na nyuzi 109, lakini ile ya tano imeshikwa kwa nguvu zaidi na hungoja hadi kama nyuzi 200. Ndiyo maana mwanafunzi mwenye haraka hupata nambari iliyo karibu na 4. Si bahati mbaya. Ameyatoa maji mepesi kutoka na akaliacha lile sugu.

Rangi nayo inaweza kukudanganya. Fuwele kubwa huwa nyeupe kwa nje huku moyo wake ukiwa bado wa buluu. Ndiyo sababu tulizisaga kabla ya kuanza. Ukiwa na shaka, zigeuze kwa fimbo ya kioo, lakini chunga usitoke na unga uliogandamana kwenye fimbo.

Kuna njia nyingine ya kupata x ndogo, na hii hutokea wakati unadhani umemaliza. Chumvi nyeupe ina kiu. Ukiiacha wazi ikipoa huku unapiga stori, inavuta unyevu kutoka hewani na kuanza kurudia ubuluu. Ukitaka kuiona kiu hiyo, subiri umalize vipimo vyote, kisha dondosha tone moja la maji juu ya unga huo. Utageuka buluu mara moja na kutoa joto unaloweza kulihisi kupitia kikombe. Kwa hiyo wakati wa kupoza, funika kikombe vizuri na ukiweke ndani ya chombo cha kukaushia kama maabara yenu inacho. Ukiona somo la pili ni kubwa kuliko la kwanza, kwa mfano 25.90 kisha 25.94, usikune kichwa. Chumvi yako imekunywa maji ya hewa. Irudishe motoni.

Nambari ikiwa kubwa: kuna kitu kingine kimeondoka

Sasa upande wa pili. Mwenzako wa meza jirani amesikia kwamba nyinyi hamkuchoma vya kutosha, kwa hiyo yeye amefungua gesi hadi mwisho na kuelekeza mwali mkali chini ya kikombe. Mizani yake inasoma 25.75. Kilichopotea ni gramu 1.05 na kilichobaki ni 1.45. Moli za maji zinatoka 0.0583, za chumvi 0.00909, na x ni 6.4.

Je, chumvi yake ilikuwa na maji mengi kuliko yenu? La hasha, zote zimetoka kwenye chupa moja. Kilichotokea ni kwamba joto limepita kiasi, na chumvi yenyewe imeanza kuvunjika. CuSO4 hutoa gesi ya SO3 na kuacha kopa oksidi, CuO, ambayo ni nyeusi. Kiasi kikubwa cha mvunjiko huu hutokea joto likifika kama nyuzi 650, na mwali mkali chini ya kikombe chembamba unaweza kufika huko. Mizani haijui kutofautisha gesi hiyo na mvuke. Yenyewe inaona uzito umepungua, basi. Wewe ndiye unayeandika kwamba ni maji.

Dalili ni rangi. Unga mweupe ukianza kuwa na madoa ya kijivu au meusi, hasa chini kabisa ya kikombe, punguza moto. Gesi hiyo pia inawasha koo na macho, kwa hiyo jaribio lifanyiwe mahali penye hewa, ukiwa umevaa miwani ya kinga. Na somo lililopatikana baada ya weusi kuingia haliokoleki. Kuendelea kulipasha moto hakusaidii, kwa maana salfeti iliyovunjika hairudi. Anza upya na sampuli nyingine.

Kosa jingine linalopandisha x halina uhusiano na mvunjiko. Ukipasha moto kwa pupa mwanzoni, maji yanatoka kwa kishindo na kurusha chembe za chumvi nje ya kikombe. Tuseme gramu 0.05 tu za unga mweupe zimeruka. Kilichopotea kinaonekana ni 0.95, kilichobaki ni 1.55, na x inakuwa 5.43. Nambari hii inakukodolea macho, haitaki kuwa 5 wala 6. Hapa rangi haitakusaidia, maana unga ni mweupe safi. Angalia chini ya kifuniko na mezani kuzunguka kichomeo kama kuna vumbi.

La mwisho upande huu ni kupima kikombe kikiwa moto. Hewa inayokizunguka inapata joto na kupanda juu, inakiinua kidogo, na mizani inasoma pungufu. Njoo upime tena baada ya dakika tano utaona uzito "umeongezeka". Kipoze mpaka ushikapo mkono karibu yake usihisi joto lolote.

Vipimo sawa, hesabu mbovu

Wapo pia wanaofanya kila kitu vizuri kwenye meza, halafu wanaangukia kwenye karatasi. Kosa moja ni la kawaida kiasi kwamba unaweza kulitambua kwa jibu lake. Mwanafunzi ana gramu 0.90 za maji, sawa. Lakini badala ya kugawanya gramu 1.60 za chumvi nyeupe kwa 159.5, anagawanya gramu 2.50 za chumvi ya buluu. Anapata moli 0.01567, na x inakuwa 3.19. Anaiita 3 na kupiga mstari chini.

Kwa hiyo ukipata kama 3.2 na vipimo vyako vilitulia kwenye 25.90, usikimbilie kulaumu moto. Chungulia kwanza ni uzito upi uliogawanya kwa 159.5. Nambari 159.5 ni ya CuSO4 bila maji, basi uzito wake nao lazima uwe wa chumvi bila maji.

Lingine ni kutumia sampuli ndogo mno. Tuseme kuna gramu 0.02 za kosa katika uzito uliopotea. Kwenye gramu 2.50, kosa hilo linatoa 5.16, na bado utasema 5 kwa ujasiri. Kwenye gramu 0.50, ambapo maji yote ni gramu 0.18 tu, kosa hilo hilo la 0.02 linatoa 5.91, na utaapa kwamba ni 6. Kosa halikukua, sampuli ndiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kushindwa kulibeba.

Magadi yanapokucheka

Mpaka hapa unaweza kudhani kwamba ukipasha moto mpaka uzito utulie, bila weusi na bila kurusha chembe, uko salama. Karibu Ziwa Magadi, Kaunti ya Kajiado.

Madini yanayoganda pale huitwa trona, na ndiyo magadi ambayo nyumba nyingi hutia kwenye maharagwe yaive upesi. Yanaonekana kama chumvi nyingine yoyote iliyobeba maji: meupe, makavu, na ukiyapasha moto mvuke unatoka na unabaki na Na2CO3. Mtu asiyejua atasema hii ni Na2CO3·xH2O, nitafute x.

Chukua gramu 2.26 za trona safi, si ile ya sokoni yenye udongo na chumvi nyingine. Ipashe moto mpaka uzito utulie. Utabaki na gramu 1.59, na gramu 0.67 zitakuwa zimepotea. Moli moja ya Na2CO3 ina gramu 106, kwa hiyo iliyobaki ni moli 0.015. Gawanya 0.67 kwa 18 upate 0.0372. Basi x ni 2.48, karibu kabisa na 2.5.

Uzito umetulia, unga ni mweupe, hakuna kilichoruka. Na nusu peke yake si ushahidi wa kosa, kwani chumvi za namna hiyo zipo kweli. Plasta wanayofungia mkono uliovunjika ni CaSO4·½H2O kabla haijachanganywa na maji. Unaweza kuandika Na2CO3·2.5H2O na ukalala usingizi mnono.

Lakini si kweli. Trona ni Na2CO3·NaHCO3·2H2O. Nusu moja yake ni bikaboneti, ambayo ikipata joto hutoa mvuke pamoja na gesi ya kaboni dioksidi. Katika zile gramu 0.67, maji ni 0.45 na gesi ni 0.22. Na hata hayo maji, sehemu yake imetokana na kuvunjika kwa bikaboneti, haikuwa imekaa ndani ya fuwele kama maji. Dai la kwanza limetimia, maji yote yameondoka. Dai la pili ndilo lililovunjika, na mizani haikupiga kelele hata kidogo.

Utajuaje? Pasha moto sampuli nyingine kwenye neli ya kioo na uelekeze kinachotoka kupitia mrija hadi kwenye maji ya chokaa. Yakigeuka meupe kama maziwa, kuna kaboni dioksidi. Rudia na kopa salfeti kwa mwali mdogo, maji ya chokaa yatabaki angavu. Toa mrija kwenye maji kabla ya kuzima moto, la sivyo maji yatavutwa nyuma na kuipasua neli. Mizani inakuambia kiasi gani kimeondoka. Kuhusu ni kitu gani, lazima uulize kwa njia nyingine.

Siku ile tulirudisha kikombe motoni mara tatu zaidi. Tulipofika 25.90 mara mbili mfululizo, kengele ya chakula ilikuwa imeshalia na foleni imefika mlangoni. Ile 26.05 hatukuifuta. Iko hadi leo kwenye daftari, juu ya nyingine tatu, na kando yake mwenzangu aliandika kwa penseli: "maji bado".